Mchoro wa mtandao wa ofisi ndogo: angalia ni waya ngapi zinatoka kwenye ruta

Wadogo zangu mnaoanza kazi za netiweki, leo naongelea mchoro mmoja tu, wa ofisi niliyoifunga Ilazo hapa Dodoma. Ni nyumba ya kuishi iliyogeuzwa ofisi, vyumba vinne, kompyuta 12, printa moja ya wote, rekoda ya kamera na waifai. Ukiuelewa huu, ofisi nyingi za aina hii utazifunga bila shida.

Tuanze na umbo, maana chuoni mmefundishwa nyota na meshi, na kijana wa fildi niliyekuwa naye aliniuliza, kaka, si wanasema meshi ndo imara, waya mmoja ukikatika data inapita kwingine, kwa nini tusifunge hiyo? Nikamwambia chukua kalamu tuhesabu. Kwenye meshi kamili kila kompyuta inaunganishwa moja kwa moja na kila nyingine, kwa hiyo kompyuta 12 kila moja inataka waya 11, unazidisha 12 kwa 11 unapata 132, unagawa kwa mbili kwa sababu waya mmoja una ncha mbili, unabaki na waya 66. Halafu kila kompyuta iwe na tundu 11 za netiweki, na hizo za mezani zinakuja na tundu moja! Kwenye nyota kila kompyuta inavuta waya mmoja kwenda kwenye swichi, basi, waya 12. Waya wa kompyuta moja ukiliwa na panya anakosa mtandao mtu mmoja, wengine wanaendelea na kazi. Udhaifu wake ni kwamba swichi ikifa wote wamelala, ila swichi ya akiba unaiweka kabatini na kuibadilisha ni dakika kumi.

Meshi ina mahali pake. Ofisi ikiwa na matawi, tuseme Dodoma, Singida na Manyoni, kuyaunganisha yote matatu kila moja na mwenzake ni njia tatu tu, hapo inalipa. Ndani ya nyumba ya vyumba vinne, chora nyota.

Sasa mchoro wenyewe nilichora hivi:

```
INTANETI
   |
RUTA YA KAMPUNI   192.168.1.1
   |
   | WAN  192.168.1.2
FAYAWOLI
   | LAN  192.168.40.1
   |
SWICHI
   |-- kompyuta 12   .100 hadi .200
   |-- waifai        192.168.40.5
   |-- printa        192.168.40.10
   |-- rekoda        192.168.40.11
```

Angalieni namba. Ruta ya kampuni ya intaneti ilikuja na 192.168.1.1, na ruta nyingi zinakuja na hiyo au 192.168.0.1. Ndani sikuitumia 192.168.1 tena, nikachagua 192.168.40, kwa sababu fayawoli ina mguu mmoja nje na mmoja ndani, na ikiona pande zote mbili zina anwani za ukoo mmoja haijui ipeleke wapi mzigo. Vijana wengi mnakwama hapa, mnaacha 192.168.1 kote halafu mnashangaa fayawoli inakataa kuseviwa au intaneti haipiti. Na siku wakifungua tawi kule Singida tukataka kuunganisha kwa VPN, tawi linapewa 192.168.50, maana matawi yakifanana anwani hayataonana.

192.168.40.0/24 inakupa anwani 254 za kutumia, zinatosha na kubaki. Mi za chini kabisa naziwekea vitu visivyohama, printa, waifai, rekoda, naziandika kwa mkono ndani ya kifaa. Kuanzia .100 hadi .200 naiachia fayawoli igawe yenyewe kwa DHCP kwa kompyuta na simu. Usichanganye, ukiacha printa ipewe anwani ya kugawiwa ipo siku itaamka na namba nyingine na ofisi nzima itakupigia simu.

Fayawoli sasa. Inakaa katikati ya ruta na swichi, na waya unaotoka kwenye ruta kuja ndani ni MMOJA tu, unaingia tundu la WAN la fayawoli. Mchoro wangu ulikuwa sahihi kabisa siku ya kwanza. Wiki mbili baadae dada wa uhasibu ananipigia, kaka printa imegoma, lakini intaneti ninayo. Nikamuuliza wenzako? Wao wanaprinti vizuri. Nikaenda, nikakaa kwenye kompyuta yake nikaandika:

```
ipconfig /all
```

Anwani yake ilikuwa 192.168.1.23 na kwenye Default Gateway ikaandika 192.168.1.1. Ya mwenzake meza ya pili, 192.168.40.104 na geti 192.168.40.1. Hapo jibu nilishalipata, yani huyu dada amepewa anwani na ruta wala sio fayawoli, kwa hiyo akitafuta printa yenye 192.168.40.10 ombi linaenda kwa ruta, na ruta haiijui hiyo printa, lakini intaneti anapata kama kawaida ndo maana hakushtuka.

Nikafungua kabati, ruta ina waya mbili. Mmoja wa kwangu, mwingine wa bluu umetoka tundu la LAN 2 umeingia swichi moja kwa moja. Ilikuwaje? Umeme ulikatika, ukarudi, ruta ikawaka haraka ila fayawoli inachukua dakika kadhaa kuamka, mfanyakazi mmoja alikuwa na kazi ya haraka akaona mtandao haurudi, akavuta waya akaruka fayawoli. Mtandao ukaja, akauacha. Simlaumu, alitaka kazi iende. Ila kuanzia hapo ofisi ina wagawaji wawili wa anwani, kompyuta ikiwaka inachukua ya anayewahi kujibu, leo wewe kesho mwenzio. Na aliyeangukia upande wa ruta sheria zote nilizoziweka kwenye fayawoli hazimgusi, awe uhasibu awe nani.

Njia ya kuhakikisha, andika hii kwenye kompyuta ya ndani:

```
tracert -d 8.8.8.8
```

Mstari wa kwanza uwe 192.168.40.1, wa pili 192.168.1.1. Ukiona 192.168.1.1 imeanza mstari wa kwanza, huyo mtu amepita pembeni ya fayawoli.

Nilichomoa waya wa bluu, nikamwandikia yule dada ipconfig /release halafu ipconfig /renew, akapata 192.168.40.117 na karatasi zikaanza kutoka. Kisha nikazima waifai ya kwenye ruta, maana hiyo nayo ni mlango wa pembeni hata kama hauna waya, simu iliyoshika hiyo iko nje ya fayawoli. Na nikafanya kitu nilichotakiwa kukifanya tangu mwanzo, ruta, fayawoli na swichi zote nikazipandisha kwenye yupiesi moja, umeme ukikatika kidogo fayawoli haizimi, hamna wa kuisubiri, na mtu hana sababu ya kuvuta waya.

Mchoro nikauchora upya, safari hii na namba za matundu: ruta LAN 1 kwenda fayawoli WAN, LAN 2, 3 na 4 tupu, nikaandika tarehe, nikaubandika ndani ya mlango wa kabati na utepe mpana kwa sababu vumbi la Dodoma linakula gundi. Sasa hivi nikienda pale nafungua kabati, nahesabu waya zinazotoka kwenye ruta kwanza, ndo naanza kuuliza shida ni nini.