Klipu zinakatika, mifuniko haiingii: majibu ya maswali yenu

Fundi, nimetengeneza boksi la swichi ya taa za kuvulia dagaa. Klipu za mfuniko zinakatika shinani kila nikifunga. Mkono una urefu wa milimita 8, unene 2, jino limetokeza 1. Nachapa kwa printa ya 3D, uzi wa plastiki ya PLA. Niongeze unene? (Kirumba)

Usiongeze. Mkono mnene ukipinda, plastiki ya juu yake huvutika zaidi kuliko ya mkono mwembamba, kwa hiyo utakatika mapema zaidi. Hesabu yake ni hii, vipimo vyote vikiwa milimita:

```
e = 1.5 * t * y / (L * L)
```

Hapo t ni unene, y ni umbali ambao jino husukumwa, na L ni urefu wa mkono. Kwako inatoka 3 kugawa kwa 64, karibu asilimia 4.7. Kwa PLA mimi sivuki asilimia 2 kama mfuniko utafunguliwa mara kwa mara. Refusha mkono ufike 16, mengine yaache yalivyo: 3 kugawa kwa 256, kama asilimia 1.2. Urefu ukizidisha mara mbili, mvutiko unashuka mara nne. Ndiyo maana huwa nasisitiza urefu kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa tazama palipokatika. Kama pamenyooka na ni laini, kama pamekatwa kwa kisu, basi mkono wako ulichapwa ukiwa umesimama na matabaka yamebanduka. Tabaka hushikana na mwenzake kwa udhaifu kuliko uzi unavyojishikilia kwa urefu wake, na hesabu ya juu haiwezi kukuokoa hapo. Laza mkono. Mfuniko ukiwa chali kwenye kitanda cha printa, chora mkono ukikimbia sambamba na ukingo wake, na chini yake acha uwazi wa nusu milimita ili usigandane na mfuniko. Jino litokeze nje mwishoni mwa mkono. Hapo mkono utapinda ndani ya tabaka, sio kuyatenganisha. Upande wa jino unaoingia kwanza uwe na mteremko wa kama digrii 30, na upande unaokamata digrii 45: utachapika bila nguzo, na mfuniko utafunguka ukivutwa. Shinani weka mviringo wa milimita 1, kona kali ndiko ufa unakoanzia.

Niache nafasi kiasi gani kati ya vipande viwili? (Nyakato, Buswelu, na wengine wengi)

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na bado linakuja bila mtu kusema printa gani, nozo gani, wala kipande chake kikipimwa kwa venia kinasoma ngapi. Kwa nozo ya 0.4 anza na 0.2 kila upande. Kila upande! Kigingi cha 10 kinaingia tundu la 10.4, sio 10.2. Halafu chapa kibao kidogo chenye matundu ya 10.2, 10.3, 10.4, 10.5 na 10.6, pamoja na kigingi kimoja cha 10. Tundu linalopokea kigingi kwa kusukuma kwa kidole gumba ndilo jibu lako, kwa printa hiyo na uzi huo. Ukibadili uzi, rudia. Ni kazi ya muda mfupi, na inakuepusha kutupa boksi zima.

Mfuniko unakwama milimita ya kwanza tu, ukipita hapo unateleza vizuri. Nitumie msasa namba ngapi? (Igoma)

Hakuna namba. Tabaka la kwanza limebanwa kitandani likatanuka. Katika Cura weka `Initial Layer Horizontal Expansion` kuwa -0.2, au kata ukingo wa chini mshazari wa nusu milimita kwenye mchoro. Msasa unarekebisha kipande kimoja. Ukichapa cha pili, kosa linarudi.

Supagluu ipi inashika PLA vizuri? Klipu zangu hazibani. (Musoma)

Ongeza jino kwa 0.3, kisha piga upya hesabu ya juu. Na boksi lenye betri usilibandike kamwe, siku betri ikichoka utalivunja.

Kifuniko kilibana vizuri nyumbani. Baada ya siku mbili mtumbwini kimelegea, na hakuna kilichovunjika. (Sengerema)

PLA huanza kulainika karibu na nyuzi 60, na boksi jeusi kwenye jua la ziwani linaweza kukaribia huko. Badili iwe PETG, inayostahimili hadi karibu 80, na rangi iwe nyeupe.

Ila kuna jambo hukuliuliza. Funga kifuniko, kisha chungulia jino likiwa ndani ya tundu lake. Kama mkono bado umepinda, plastiki itazoea mkao huo hata kivulini, na siku moja haitarudi. Mkono upinde wakati wa kufunga na kufungua tu. Ongeza tundu kwa 0.3 kuelekea nje, mpaka uone mkono umenyooka kabisa kifuniko kikiwa kimefungwa.