Mtaro wa bomba la choo: pimia kwenye kamba, achana na usawa wa ardhi

"Wakuu, bomba la choo inchi 4 linatoka nyumbani mpaka septiki, mita 18. Mtaro uende chini kiasi gani, slopu iweje, na mchanga wa kulazia niagize kiasi gani?"

Mkuu, mita 18 ndo zilezile za kwangu Kinyerezi, nakupa hesabu yangu. Mara ya kwanza fundi alikuja na kijiti cha sentimita 60, anachimba anapima toka usawa wa ardhi, mtaro mzima kina kimoja. Sasa kiwanja changu kinashuka sentimita 20 tu mpaka septiki, kwa hiyo na bomba likashuka 20 tu, hiyo ni 1 kwa 90, bapa mno kwa choo cha inchi 4. Maji yanatangulia, mzigo unabaki njiani. Miezi mitano mbele nafunua chemba nakuta maji yamesimama na karatasi zimeganda, nikafukua yote.

Mara ya pili nikaenda na 1 kwa 40, yaani sentimita 2 na nusu kila mita, kwa mita 18 inakuja 45. Tukavuta kamba juu ya mtaro, tukaisawazisha kwa mpira wa maji, upande wa nyumba ikakaa sentimita 30 juu ya ardhi. Hapo unasahau ardhi kabisa, unapima toka kwenye kamba kushuka: sakafu ya mtaro ikaanza 90 ikaishia 135, kila mita unaongeza 2 na nusu. Ukirudisha kwenye ardhi ni kina cha 60 nyumbani na 85 septiki. Humo kuna sentimita 10 za mchanga chini ya bomba, na tundu la kuingilia septiki linafuata bomba, usikubali lijengwe kwanza kwa kukisia. Kama gari inapita juu, nenda chini zaidi.

Mchanga sasa. Mtaro upana 45, mchanga 10 chini, bomba lenyewe 11, na 10 juu yake, jumla 31. Zidisha 18 × 0.45 × 0.31 unapata kyubiki 2.5, toa nafasi ya bomba inabaki kama 2.3, ongeza asilimia 15 maana ukishindilia unakaa, ndo 2.7. Niliita kenta ya kyubiki 3, kilichobaki kikaenda kwenye plasta. Uwe hauna mawe, na kila penye soketi chimba kidogo bomba lilale lote kwenye mchanga, likining'inia kwenye soketi baadae linabonyea katikati na maji yanatuama hapohapo.

Kabla ya kufukia mimina ndoo nzima chooni, mtu asimame mwisho wa bomba, halafu chungulia na tochi, maji yakikatika fukia kwa amani, ukiona kidimbwi kinang'aa inua hapo uongeze mchanga chini yake. Mimi niliona kimoja, kama mita 7 toka nyumbani.