Darasa la kusuka ndani ya saluni: wanafunzi wangapi, kwa ada gani?

Swali: Nina saluni ya kike Chake Chake, viti vitatu, mimi na msaidizi mmoja. Hawaishi wasichana wanaoniomba niwafundishe kusuka. Nataka kufungua mafunzo ya kulipia nipate kipato cha pembeni, lakini sijui nifundishe nini, nitoze kiasi gani wala nichukue wangapi. Naogopa pia wateja wangu wasije wakakimbia.

Jibu: Dada, fundisha kusuka tu. Dawa ya kulainisha nywele iache kwa darasa la pili, kwa wale waliokwisha kuonyesha kuwa mkono wao umetulia. Dawa nyingi zimetengenezwa kwa magadi makali yanayounguza ngozi, na kosa la dakika chache juu ya kichwa cha mteja halirekebishiki. Msuko uliokosewa unafumuliwa.

Wiki sita zinatosha: siku tatu kwa wiki, saa tatu kila siku, katika nyakati ambazo viti vyako huwa vitupu. Kwa saluni nyingi ni Jumatatu hadi Jumatano asubuhi. Panga darasa limalizike angalau wiki mbili kabla ya Idi, kwa sababu msimu ule ukishafika hutakuwa na jicho la kumtazama mwanafunzi.

Wengi hukisia ada kwa kuuliza wenzao wanatoza ngapi. Anza na gharama zako. Bei za hapa chini ni za mfano, weka zako za dukani. Kichwa cha bandia cha mazoezi pamoja na kishikio chake cha mezani tuseme 45,000. Kinabaki kuwa mali ya saluni, na kikitunzwa kinahudumia madarasa matatu, kwa hiyo kila mwanafunzi anabeba 15,000. Pakiti kumi za nywele za kusukia kwa 3,500 ni 35,000. Kitana cha mkia, vibanio, mkasi na chupa ya kupulizia maji, ambavyo mwanafunzi ataondoka navyo, ni 15,000. Jeli, mafuta na shampuu 10,000, umeme na karatasi 10,000. Jumla ni 85,000 kwa kila mwanafunzi.

Gharama inayosahaulika ni wewe mwenyewe. Kama kila asubuhi ya darasa inakukosesha mteja mmoja wa 15,000, asubuhi 18 ni 270,000. Fedha hii unaipoteza hata akija mwanafunzi mmoja. Ukitoza 250,000, kila mwanafunzi anakuachia 165,000 baada ya vifaa. Akiwa mmoja, umepata hasara ya 105,000. Wawili, unabakiwa na 60,000. Watatu 225,000, wanne 390,000. Kwa hiyo usifungue darasa kabla wawili hawajalipa, na usipite wanne. Wa tano ataongeza fedha kwenye hesabu, lakini mwalimu mmoja hawezi kufuatilia mikono kumi, na kosa la kidole usiloliona wiki ya kwanza linakuwa tabia wiki ya nne. Kumbuka tu kwamba vichwa vya bandia unavilipia vyote mwanzoni, hata kama hesabu imevigawa kwa madarasa matatu.

Chukua nusu ya ada siku ya kujiandikisha, ili ununue vifaa bila kugusa mtaji wa saluni, na nusu iliyobaki mwanzoni mwa wiki ya tatu. Ukiisubiri hadi mwisho utaikosa, maana mwanafunzi akishajua twende kilioni huanza kusuka majirani nyumbani kwao na hana haraka tena ya kurudi.

Wiki ya kwanza isiwe na msuko hata mmoja. Iwe ya kuosha, kuchambua, kukausha na kugawa mafungu kwa kitana cha mkia, mpaka mistari inyooke kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Watanung'unika, waache wanung'unike. Msuko mbaya mara nyingi ni mgawo mbaya. Wiki ya pili na ya tatu ni twende kilioni, kwanza bila nywele za kuongeza, kisha nazo. Wiki ya nne na ya tano ni rasta, za fundo na zisizo na fundo. Nywele za mazoezi zifumuliwe, zichanwe na zitumike tena hadi zichakae. Ncha za rasta zikifikia kuchovywa kwenye maji ya moto, birika alishike msaidizi wako, na mteja awe na taulo mabegani.

Kichwa cha bandia kina upungufu mmoja mkubwa: hakisikii maumivu. Mwanafunzi anayekifanyia mazoezi peke yake hujifunza kukaza, kwa sababu msuko uliokazwa unaonekana nadhifu. Ndiyo maana kuanzia wiki ya nne lazima awe na vichwa vya watu. Mfundishe kusoma dalili: ngozi iliyovutwa ikang'aa kwenye shina, vipele vidogo vyeupe pembezoni mwa paji, mteja anayeshindwa kukunja uso. Chanzo mara nyingi ni fungu dogo la nywele za mtu kubebeshwa nywele nyingi za bandia, au mkono kuvuta juu badala ya kufuata ngozi. Dawa yake ni kufumua hapo hapo. Kumwambia mteja kuwa italegea yenyewe ndiko kunakong'oa nywele za pembeni, na zikishang'olewa mara nyingi huenda zisiote tena.

Vichwa hivyo utavipata kwa watoto wakati wa likizo za skuli na kwa wasichana wenye hali ndogo. Walipie nywele tu, au theluthi ya bei, na waambiwe wazi kabla ya kukaa kuwa anayesuka ni mwanafunzi na kazi itachukua karibu mara mbili ya muda wako. Kichwa kimoja kisukwe na mwanafunzi mmoja. Wawili wakigawana, mkono mmoja utakaza na mwingine utalegeza, na tofauti itaonekana mlangoni. Mteja wako wa kawaida usimpeleke kwa mwanafunzi bila kumuuliza, hata kama foleni ni ndefu. Wateja hawakimbii kwa sababu kuna darasa. Wanakimbia wakilipa bei kamili na kusukwa na mkono wa wiki ya pili. Wala usimfanye mwanafunzi mfagizi wa saluni: amelipa, na saa za kufagia zinakatwa kwenye zile 54 alizonunua.

Kuhusu picha za kutangazia, wateja wetu wengi hawataki nywele zao zionekane nje ya pazia. Piga kichwa cha bandia. Simu za wanafunzi zikae kwenye mikoba wakati kuna mteja, na sharti hilo liandikwe kwenye fomu wanayosaini siku ya kujiandikisha.

Mwisho wa wiki ya sita mpe kila mmoja mtihani: kichwa kizima cha mtu, mistari kumi ya twende kilioni, ndani ya muda uliopanga, na mteja aulizwe kama anaumwa. Karatasi utakayompa itaje misuko aliyoifaulu na saa alizosoma, basi. Usiiite cheti cha ufundi. Anayetaka kile aelekezwe kwenye vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Kwa wa Pemba, kipo Vitongoji.