Mafuta ya juu ya supu: bakuli moja linapungua kalori ngapi?

Swali: Mume wangu ameambiwa na daktari apunguze mafuta na uzito, lakini supu ya mbavu haachi. Mimi naengua povu linapopanda, halafu mwisho naengua mafuta kwa upawa. Nitajuaje bakuli lake limepungua kalori ngapi? Na mchuzi wa nazi nao naweza kuuengua vivyo hivyo? (Msomaji, Likoni)

Jibu: Shukran dada. Tuanze na povu, kwa sababu wengi hulihesabu pamoja na mafuta. Lile povu la kijivujivu linalopanda nyama inapoanza kuchemka ni protini iliyotoka kwenye nyama na damu, ikagandishwa na moto. Ukiliondoa supu inapendeza machoni, lakini kalori zake ni chache mno na hazifai hata kuandikwa. Mafuta huja baadaye, nyama inapoanza kulainika. Utayajua kwa sababu hayana mapovu: ni viduara vya manjano vinavyong'aa, na viwili vikigusana vinaungana kuwa kimoja kikubwa. Hivyo ndivyo vyenye kalori. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyuka yakapanda juu ni mafuta matupu. Kijiko kimoja cha mezani huchukua gramu 13 au 14, yaani kalori zipatazo 120.

Kwa hiyo huna haja ya kujua sufuria nzima ina kalori ngapi ndipo ujue umepunguza ngapi. Pima mafuta uliyotoa, zidisha kwa 9, gawanya kwa idadi ya mabakuli yaliyotoka. Kazi iko kwenye kupima, maana ulichochota kwa upawa si mafuta peke yake.

Tuseme umepika kilo moja na nusu ya mbavu pamoja na mifupa yake, kwa moto mdogo, saa mbili na nusu, na sufuria imetoa mabakuli 8 ya mililita 300. Umezima gesi, umeiacha itulie dakika 10 bila kuikoroga. Inamisha sufuria kidogo kwa kuweka kitambaa kilichokunjwa chini ya upande mmoja, ili mafuta yakusanyike upande wa pili ambako kina ni kirefu. Shusha upawa ukiwa umelala, mpaka ukingo wake uwe chini ya uso wa supu kidogo tu, uache mafuta yaingie yenyewe. Ukiuchovya kwa nguvu unachota supu ya chini. Kila unachotoa kimimine kwenye gilasi ya kioo inayostahimili moto.

Sasa itazame ile gilasi baada ya dakika tano. Juu kuna tabaka la manjano, chini kuna supu ya rangi ya chai hafifu, na mstari kati yake unaonekana wazi. Mizani inaweza kukwambia umetoa gramu 150, kumbe mafuta humo ni 70 tu na zilizobaki ni supu nzuri uliyokuwa karibu kuimwaga. Chota tabaka la juu kwa kijiko uliweke kwenye kikombe kilichopimwa kikiwa kitupu, na supu ya chini irudishe sufuriani. Gramu 70 mara 9 ni kalori 630. Gawanya kwa 8: kila bakuli limepungua karibu kalori 79. Ungezipima zile 150 zote kama mafuta, ungejidanganya kwamba umeondoa zaidi ya maradufu.

Upawa hauwezi kumaliza mafuta yote. Vinabaki viduara vidogo vidogo ambavyo havikubali kukusanyika, na hapo friji inakusaidia. Mafuta ya ng'ombe na ya mbuzi yana asidi nyingi zinazoganda kwa baridi, ndiyo maana supu ya mbuzi ikipoa hukuganda midomoni hata kabla ya kufika frijini. Baada ya usiku mmoja utakuta bamba gumu jeupe, lenye umanjano kidogo. Ling'oe kwa ncha ya kisu, litatoka vipande vikubwa. Kisha ligeuze: chini yake limeshika ute unaotikisika, na huo si mafuta. Ni protini ya mifupa na ngozi za viungo. Ukwangue uurudishe sufuriani ndipo upime.

Katika sufuria yetu, bamba hilo baada ya kukwanguliwa lina gramu 42. Ukijumlisha na zile 70 za upawa unapata 112, na 112 mara 9 ni 1,008. Kwa mabakuli 8 ni kalori 126 kila bakuli. Ndizo ulizookoa.

Sasa tazama bakuli lenyewe. Weka ndani gramu 70 za mnofu ulioiva, kalori 175 hivi kwa nyama ya mbavu iliyopungua mafuta yake; kiazi kimoja cha gramu 100, kalori 87; na maji ya supu yenye ute, kalori 20 kwa makadirio. Jumla ni kama 280. Bakuli hilo hilo lisiloenguliwa lingefika 408, kwa hiyo umeondoa karibu thuluthi bila kumnyima hata kipande kimoja cha nyama. Na kwa kuwa daktari ametaja mafuta, jua pia kwamba karibu nusu ya mafuta ya ng'ombe ni yale yanayoganda, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni gramu 22 hivi. Zile gramu 14 za bakuli moja zingempa 7 kabla hata hajagusa nyama.

Usikubali kugawa sawa kwa 8 kama supu haikuenguliwa. Mafuta yanaelea, kwa hiyo anayepakuliwa wa kwanza kutoka juu anaweza kupata mara mbili ya fungu lake, na wa mwisho akapata supu karibu kavu. Kwa nyumba nyingi anayepakuliwa wa kwanza ni baba. Mume wako huenda amekuwa akila kalori nyingi kuliko hesabu ya wastani ingekuonyesha.

Ikiwa unahesabu kwa jedwali la vyakula la simu, na umeingiza nyama mbichi kilo moja na nusu, toa uzito wa mifupa kwanza. Halafu toa zile kalori 1,008 kwenye jumla ndipo ugawe. Maji yaliyokauka jikoni hayabadilishi kitu kwenye jumla, yanapunguza mabakuli tu, kwa hiyo hesabu mabakuli uliyopakua kweli, wala si maji uliyotia.

Kuna mambo mawili yanayoharibu kazi hii kabla hujashika upawa. La kwanza ni moto mkali. Supu ikitokota kwa kishindo, mafuta hupasuliwa kuwa matone madogo sana, ute wa mifupa unayashika, na hayapandi tena. Supu inakuwa nyeupe kama imetiwa maziwa. Kesho yake ukiitoa frijini, tazama ule ute chini ya bamba: ukiwa mng'avu, unaona kijiko chako kupitia ndani yake, mafuta mengi yametoka. Ukiwa mweupe mzito, mengine yamebaki humo na mizani yako haikuyaona. La pili ni kutia viazi mapema. Wanga wa viazi unaifanya supu iwe nzito na kuzuia mafuta kupanda, na viazi vyenyewe vinatoka vimepakwa mafuta. Engua kwanza, chemsha tena, ndipo utie viazi, karoti na dania.

Kuhusu friji nina sisitizo moja, kwa joto letu hili la Mombasa. Usiiache sufuria kubwa juu ya meza usiku kucha ikisubiri kupoa. Tabaka la mafuta huzuia mvuke kutoka, hivyo supu hukaa vuguvugu kwa masaa, na hilo ndilo joto ambalo bakteria hulipenda. Engua kwa upawa ikiwa ya moto, igawe kwenye vyombo vipana visivyo virefu, viweke ndani ya beseni la maji yenye barafu, na ndani ya saa mbili viwe frijini. Siku ya joto kali, saa moja. Kabla ya kuila ichemshe mpaka itokote.

Kuku ni tofauti kidogo: mafuta yake hayagandi kuwa bamba, yanabaki laini kama siagi iliyoachwa nje, kwa hiyo chota kwa kijiko ikiwa bado baridi sana. Mafuta ya alizeti uliyokaangia vitunguu hayagandi kabisa. Yale unayapima yanapoingia, si yanapotoka. Vijiko vitatu vya mezani kwenye mchuzi wa watu wanne ni kalori 90 kila mmoja.

Mchuzi wa nazi usiuengue. Mafuta ya tui yamo katika matone madogo yaliyofunikwa na protini ya nazi yenyewe, na hayo ndiyo yanayoufanya mchuzi uwe mzito. Ukiuweka frijini utaona juu limeganda tabaka jeupe, lakini hilo si mafuta matupu kama bamba la ng'ombe. Lina maji mengi ndani, ukilizidisha kwa 9 umekosea, na ukilitupa umetupa mchuzi wenyewe. Tui zito lenye mafuta asilimia 20 lina gramu 80 za mafuta katika mililita 400, ambazo ni kalori 720, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya kuganda, kuliko hata ya ng'ombe. Punguza pale unapokama nazi: pikia samaki wako kwa tui la pili na la tatu, tui zito mililita 100 tu utie mwishoni, dakika chache kabla ya kuepua. Kwa sahani nne, hilo tui zito linaongeza kalori 45 za mafuta kila sahani badala ya 180, nawe utajumlisha kidogo kwa lile jepesi.

Na yale mafuta ya ng'ombe gramu 112 uliyoweka kwenye kikombe, usiyamwage kwenye sinki, yataganda kwenye bomba. Ukiyahifadhi ukaangie sukuma wiki Jumatano, andika kalori zake kwenye sahani ya Jumatano.