Vipande visivyolingana: nyoosha macho kwanza, kisha ukate kwenye tendo

Tuseme mzee amekaa barazani Mkunazini, kijana amesimama mbele yake, wanazungumza na kunywa kahawa. Shoti ya mbali imepigwa alasiri. Shoti ya karibu ya mzee imepigwa asubuhi ya pili yake, kwa kamera nyengine. Rangi hazifanani na kivuli kimehama. Anayeanza kuhariri hukimbilia rangi. Iache mwisho, kwani mtazamaji huvumilia mwanga uliobadilika kidogo, lakini mzee akionekana anazungumza na ukuta, hakuna rangi itakayomwokoa.

Tazama macho kwanza. Kwenye shoti ya mbali mzee yuko kushoto, anatazama kulia. Basi na kwenye shoti ya karibu atazame kulia, tena juu kidogo, maana mwenzake amesimama. Kijana naye atazame kushoto na chini. Mpiga picha akivuka mstari unaowaunganisha wawili hao, mzee atatazama kushoto, kama aliyempa kijana mgongo. Zima sauti, weka shoti mbili hizo bega kwa bega, utaliona kosa mara moja.

Unaweza kuigeuza picha kama kwenye kioo, lakini ichunguze kwanza. Mzee atakuwa anakunywa kwa mkono wa kushoto, na kwetu hilo halipiti bila kuonekana. Akipita mwanamke nyuma, jina la khanga litasomeka kinyume. Ikiwa hivyo, usigeuze. Tafuta shoti iliyopigwa kwenye mstari wenyewe, ambayo mzee anatazama karibu na lenzi, uiweke katikati. Ukikosa, dele likimimina kahawa litapunguza mshtuko, ingawa halifuti kosa.

Macho yakikaa sawa, ndipo utafute tendo. Hapa ni mkono unaopeleka kikombe mdomoni. Usikate kabla haujanyanyuka wala baada ya kufika. Acha shoti ya mbali iende mpaka mkono umeshapanda kama theluthi ya njia, kisha kwenye shoti ya karibu tafuta mkono ulipo mahali hapo hapo. Jicho huufuata mkono, halina nafasi ya kukagua kivuli ukutani.

Jicho pia huchelewa kidogo kuisoma picha mpya, kwa hiyo anza shoti ya karibu fremu 2 au 3 nyuma, urudie kipande kidogo cha mwendo. Tazama kwa kasi ya kawaida. Mkono ukionekana kupanda mara mbili, umerudia mno; ukiruka, umepunguza mno. Sogeza fremu moja moja. Sauti ya shoti moja iachie ipite juu ya mkato bila kukatika.

Hila hii ina mpaka. Kikombe kikiwa mkono wa kulia hapa na wa kushoto kule, tendo ndilo litakalolianika kosa, kwa sababu jicho liko hapo hapo mkononi. Kata mapema zaidi, mzee anapogeuza kichwa, au nenda kwa kijana anayesikiliza, urudi kikombe kikiwa kimeshatua.