Stopu imepigwa na kwenye chati bei haikufika, broka kaniibia?

*Mtaalamu, niliuza EURUSD kwenye pini baa ya H4. Juu ilikuwa 1.0950, chini 1.0890, ikafunga 1.0898. Niliingia 1.0889, stopu nikaweka 1.0951. Usiku siku inabadilika kwenye MT4 bei ikapanda hadi 1.0949 ikageuka, mimi nishatolewa! Broka kaniibia? Mwalimu wa grupu letu anasema stopu za nyuma ya mkia ni za kizamani, niweke pipsi 10 tu toka nilipoingia, hata kwenye insaidi baa. Akaunti yangu ina dola 1,000.*

Hujaibiwa ndugu yangu. Mishumaa unayoiona MT4 inachorwa kwa bei ya Bid, ila ukiwa umeuza, kutoka maana yake unanunua, na kununua ni kwa Ask. Bid ikiwa 1.0949 na spredi ni pipsi 2 tu, Ask tayari ni 1.0951, stopu imepigwa. Na muda ule siku inapobadilika spredi huwa inafunguka kuliko kawaida. Bonyeza F8, nenda Common, weka tiki kwenye Show Ask line, utajionea mwenyewe.

Kwa hiyo ukiuza, stopu yako ni juu ya mkia, jumlisha spredi, jumlisha na nafasi kidogo ya kupumua. Kwa pini yako mimi ningechukua spredi pipsi 2 na nafasi pipsi 3, inakuwa 1.0955. Ukinunua mambo yanageuka, stopu ya chini inapigwa na Bid kwa hiyo spredi haikusumbui kule, ila Buy Stop yako ya kuingilia inafyatuliwa na Ask, basi spredi unaiongeza huko juu.

Sasa hilo la pipsi 10 ndilo linaloniumiza kila wiki, watu wananiletea akaunti zimekauka kwa ushauri huohuo. Hebu tuuweke kwenye pini yako hiyohiyo. Umeingia 1.0889, stopu inakaa 1.0899. Mshumaa ulifunga 1.0898. Yani kwa spredi ya pipsi moja, bei ikirudi tu pale mshumaa ulipofungia unatolewa, na hakuna hata kitu kimoja kilichobadilika, wauzaji bado wapo, mkia bado uko vilevile juu. Bei kurudi ndani ya mkia kabla ya kushuka ni jambo la kawaida sana kwenye pini baa, mara nyingi inafika hata katikati. Stopu inawekwa pale ambapo wazo lako limekufa, na wazo lako ni kwamba bei ilikataliwa 1.0950, kwa hiyo linakufa bei ikivuka hapo, siyo ikicheza ndani ya mshumaa.

Watu wanaogopa stopu ndefu kwa sababu wanaanza na loti, wameshazoea 0.10 kila tredi. Anza na stopu kwanza. Toka 1.0889 hadi 1.0955 ni pipsi 66. Loti 0.01 ya EURUSD inakula senti 10 za dola kwa pipsi, kwa hiyo ukipigwa umepoteza dola 6.60, kwenye akaunti yako haifiki hata asilimia 1. Yeye wa pipsi 10 na loti 0.10 anapoteza dola 10, na anapigwa mara nyingi kuliko wewe. Nani hapo ana stopu kubwa?

Insaidi baa ni hivyohivyo ila mtego uko zaidi, maana baa ya ndani inakuwa ndogo na kuificha stopu nyuma yake kunavutia. Bei inapenda kuvunja upande mmoja kidogo, kurudi, ndipo iende. Mimi naweka nje ya baa mama. Kama baa mama ni ndefu sana kwa sababu ya habari, hata 0.01 inavuka hasara niliyoikubali, siingii, basi. Mwenye dola 200 kwa stopu ya pipsi 66 anahatarisha zaidi ya asilimia 3 hata kwa loti ndogo kabisa, huyo aiache tu, kuisogeza stopu ndani hakuigeuzi kuwa tredi yake.

Na hawa walimu wa grupu muwe mnawauliza wanalipwa na nani. Wapo wanaopewa kamisheni na broka kwa kila loti mnayotredi chini ya linki zao, na stopu fupi inakufanya upige loti kubwa na uingie tena na tena kila ukitolewa. Mwambie akufungulie historia ya akaunti yake halisi, safu ya S/L ionekane, miezi mitatu mfululizo, siyo picha ya tredi moja iliyoshinda.