Ami zetu wapo, je, sisi wajukuu hatumrithi babu?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Baba yetu alifariki mwaka 2019, akatuacha mimi, dada yangu na mama. Mwaka huu babu naye amefariki. Ameacha bibi, ami zetu wawili na shangazi mmoja. Wakati wa kugawa tukaambiwa sisi "tumezuiwa", hatuna kitu. Ndugu yake babu naye akaambiwa hivyo hivyo, na bibi akapewa thumuni wakati yeye alijua mke hupata robo. Hii ni dini kweli au ni ami zetu?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Poleni sana, mwanangu. Kufiwa na baba kisha na babu, halafu ukaambiwa huna fungu katika nyumba uliyolelewa, ni jambo zito. Lakini mgao huo, kama ulivyoueleza, ni sahihi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema katika hadithi ya Ibn Abbas waliyoipokea Bukhari na Muslim: wapeni wenye mafungu mafungu yao, na kitakachobaki ni cha mwanamume aliye karibu zaidi na marehemu. Mtoto wa kiume yuko karibu kuliko mtoto wa mtoto. Wewe unafika kwa babu kwa kupitia baba yako, ami zako hawapiti kwa mtu. Zayd bin Thabit, sahaba aliyesifika kwa elimu ya mirathi, alilisema wazi: mjukuu harithi pamoja na mtoto wa kiume wa marehemu. Wanavyuoni wa madhehebu manne wameafikiana juu ya hilo.

Kuzuiwa huku ndiko kunakoitwa hajbu. Ikimtoa mtu moja kwa moja, kama ilivyokuwa kwenu na kwa ndugu yake babu, ni hajbu ya hirmani. Ikimshusha kutoka fungu kubwa hadi dogo, ni hajbu ya nuksani, na hiyo ndiyo iliyompata bibi yako. Aya ya 12 ya Suratun Nisaa inampa mke robo mumewe asipoacha mtoto, na thumuni akiacha. Babu ameacha watoto. Tuseme baada ya gharama za mazishi na madeni zimebaki shilingi milioni 80: bibi anachukua milioni 10, na milioni 70 zinagawiwa watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Kila ami anapata milioni 28 na shangazi milioni 14.

Sasa waondoe ami zako wawili katika hesabu hiyo, abaki bibi, shangazi, na nyinyi wajukuu. Bibi bado ana milioni 10. Shangazi, kwa kuwa ni binti mmoja asiye na kaka, anapata nusu, milioni 40. Milioni 30 zilizobaki ni zenu: wewe 20, dada yako 10. Na ndugu yake babu bado hapati kitu, kwa sababu safari hii wewe ndiye unayemzuia. Kwa hiyo kilichowatoa si jina la "mjukuu". Ni kuwapo kwa mtoto wa kiume aliye hai mbele yenu.

Naomba urudi nyuma hadi mwaka 2019, baba yako alipofariki. Huenda hakuna aliyekuambia kwamba siku ile wewe ndiye uliyewazuia ami zako. Walikuwa ndugu zake wa damu, na kuwapo kwako peke yako, hata kama ulikuwa bado unanyonya, kulitosha kuwatoa. Na uliwashusha wengine pia: mama yako alitoka robo akaingia thumuni, bibi yako alitoka thuluthi akaingia sudusi, yaani sehemu moja ya sita. Kama baba aliacha milioni 7 na laki 2, mama yako alistahili laki 9, babu milioni 1 na laki 2, bibi kama hivyo, wewe milioni 2 na laki 6, na dada yako milioni 1 na laki 3. Ikiwa sudusi ya babu haikutolewa wakati ule, basi ni sehemu ya mali yake inayogawiwa leo.

Hapo pana jambo ambalo hata wanafunzi wetu huteleza. Chukulia baba yako angefariki bila mtoto. Ami zako na shangazi wasingepata kitu, kwa kuwa babu, baba wa marehemu, alikuwa hai. Ungedhani basi bibi angerudi kwenye thuluthi yake. Hapana. Aya ya 11 inasema marehemu akiwa na ndugu, mama yake anapata sudusi, nao wakifika wawili au zaidi inatosha kwa kauli ya wanavyuoni wengi. Ndugu hao hawapati hata senti, lakini kuwapo kwao kunampunguza mama. Baadhi ya wafasiri wa mwanzo walieleza sababu yake: mzigo wa kuwalea na kuwaoza uko juu ya baba yao, ndiyo maana ziada inakwenda kwake. Tofauti na ndugu hao ni mtu aliyetolewa kwa sifa yake mwenyewe, kama aliyemuua marehemu au asiye Muislamu. Huyo kwa wanavyuoni wengi anahesabiwa kama hayupo kabisa, hamzuii wala hampunguzi mtu.

Kabla hujakubali kwamba umezuiwa, tazama vyeti vya vifo. Hajbu inategemea nani alitangulia. Baba angefariki hata saa moja baada ya babu, fungu lake lingekuwa limekwisha kuwa lake, nanyi mngelirithi kutoka kwake, hata kama mgao ulicheleweshwa miaka kumi. Tazama pia kilichokuwa mali ya baba ndani ya mali ya babu. Niliwahi kukaa na familia moja barazani, mgao umekwisha andikwa, kijana akatoa mfuko wa nailoni wenye risiti za mabati na saruji. Vyumba viwili vya nyuma alivijenga marehemu baba yake kwa fedha zake, katika kiwanja cha mzee. Tukalichana karatasi tukaanza upya, maana ile ilikuwa haki ya baba, na haki ya mtu haiingizwi katika mirathi ya mwingine.

Na aya ya 8 ya sura hiyo hiyo inaamrisha kwamba jamaa, mayatima na masikini wakihudhuria mgao, wapewe kitu na waambiwe maneno mema. Nyinyi ni jamaa na ni mayatima. Ami zako na shangazi, wakiwa watu wazima, wanaweza kutoa katika mafungu yao kwa ridhaa yao.

Babu naye angeweza kuwaandikia wasia usiozidi thuluthi. Mtume alisema hakuna wasia kwa mrithi, na nyinyi, kwa kuwa mmezuiwa, si warithi. Misri waliliona tatizo hili wakalitungia sheria mwaka 1946, wajukuu kama nyinyi wapewe kwa jina la wasia wa lazima, usiovuka thuluthi. Huku kwetu makadhi wengi hawahukumu hivyo, kwa hiyo babu asipoandika, mlango umefungwa. Lakini bibi yako yu hai. Ami zako wakiwepo siku atakapoondoka, mtazuiwa kwake vile vile. Basi mwambieni leo, kwa adabu: akiridhia, aandike mbele ya mashahidi wawili waadilifu sehemu anayotaka iwe yenu katika mali yake, isizidi thuluthi, na nakala moja akae nayo ami yako mkubwa.

Wallahu aalam.